Usalama wa Maana Mbili: Barua ya Kuomba Kibali cha Kurusha Ndege Nyuki katika Kijiji cha Msowero, Wilaya ya Kilosa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua muundo na maudhui ya barua ya mtafiti kwenda ofisi ya wilaya, ya kuomba kibali cha kupiga picha za anga kwa ndege nyuki juu ya kijiji cha Msowero. Hoja kuu ni kwamba neno usalama, ambalo ndilo kiini cha barua ya namna hii, hubeba maana mbili katika Kiswahili cha kiofisi. Barua inayojibu maana moja tu huacha swali la pili mikononi mwa msomaji wake.

1. Utangulizi

Mtu anaposema usalama barabarani, anazungumzia ajali. Anaposema kamati ya ulinzi na usalama, anazungumzia amani, siri na nani anafanya nini katika eneo. Mtafiti aliyezoea miongozo ya kiufundi huandika kuhusu usalama kwa maana ya kwanza: betri, upepo na umbali kutoka kwa watu. Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, husoma neno hilohilo kwa maana ya pili. Hataki kujua tu kama chombo kitaanguka. Anataka kujua picha ni za nani, zitakwenda wapi na wanakijiji watazielewaje.

Katika Kilosa swali hilo lina uzito wa kihistoria. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, makumi ya watu waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Rudewa na Msowero ziko kwenye barabara moja inayotoka Dumila kwenda Kilosa. Chombo kinachopita juu ya mashamba kwa mistari iliyonyooka, kikienda na kurudi, kinafanana mno na upimaji wa ardhi. Mahali ambapo mpaka umewahi kugharimu uhai, mfanano huo wenyewe ni suala la usalama.

2. Barua inaomba nini na kwa nani

Ofisi ya wilaya haina mamlaka juu ya anga. Usajili wa chombo na idhini ya kuruka hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kibali kingine huombwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Barua inayomwomba Mkuu wa Wilaya "ruhusa ya kurusha" inamwomba kitu asichoweza kutoa. Anachoweza kutoa ni kibali cha kufanya utafiti katika eneo lake, pamoja na utambulisho kwa ngazi za chini. Kwa hiyo aya ya kwanza, baada ya anwani na kichwa cha habari, inafaa isomeke hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kibali cha kufanya utafiti katika kijiji cha Msowero, kata ya Msowero, utakaohusisha picha za anga za eneo la kilomita moja ya mraba la mashamba na makazi. Nimeambatisha barua ya utambulisho ya chuo iliyopitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nakala za vibali vya anga, na ramani ya eneo litakalorukiwa. Naomba pia kutambulishwa kwa Mtendaji wa Kata na kwa Halmashauri ya Kijiji, ili wananchi wapate taarifa kabla ya siku ya kwanza ya kazi."

Ombi la mwisho lina msingi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Kibali cha wilaya kisichofika huko humwacha mtafiti na karatasi halali mbele ya watu wasio na habari naye.

3. Usalama kwa maana ya ajali

Sehemu hii huandikwa vibaya inapojaa ahadi zisizopimika, kama vile "tahadhari zote zitachukuliwa". Afisa hawezi kukagua ahadi hiyo. Anaweza kukagua idadi, umbali na saa.

Tuchukue chombo cha rafadha nne chenye uzito wa takribani kilo 1.4, kikiruka mita 100 juu ya ardhi, chini ya kikomo cha futi 400, yaani takribani mita 120. Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 8.8 na kitambuzi chenye upana wa milimita 13.2, kila picha hufunika ardhi ya mita 150 kwa 100. Ili picha za mistari jirani ziingiliane kwa asilimia 70, mistari hupishana mita 45.

Lipo sharti jingine: rubani aendelee kukiona chombo kwa macho. Akisimama katikati ya kilomita moja ya mraba, pembe ya eneo iko mita 707 kutoka kwake, na chombo kidogo hakionekani vema kwa umbali huo. Kwa hiyo eneo hugawanywa katika miraba minne ya mita 500 kwa 500, kila mmoja ukiwa na kituo chake cha kurushia. Sasa umbali mkubwa kabisa ni mita 354. Kila mraba una mistari 12, jumla ya kilomita 6. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, kazi huchukua dakika 12 na nusu, ukiacha kupanda, kugeuka na kushuka. Betri moja hutosha, na chombo hurudishwa inapobaki asilimia 30. Mgawanyo wa miraba unatokana na usalama, na afisa anaweza kuuhesabu mwenyewe kwenye ramani.

Umbali kutoka kwa watu nao unapaswa kuwa na sababu. Injini zikizimika mita 100 juu, chombo hufika chini kwa takribani sekunde 4.5. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, kitakuwa kimesogea mbele takribani mita 36. Tukiongeza nafasi ya upepo, tunapata mita 50. Barua basi inaweza kusema hivi:

"Mistari inayopita ndani ya mita 50 kutoka shule itarushwa Jumamosi, na ile iliyo karibu na gulio itarushwa siku isiyo ya gulio. Kazi itafanyika kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na itasitishwa upepo ukivuka mita 8 kwa sekunde. Kituo cha kurushia kitazungushiwa kamba ya nusu kipenyo cha mita 30, na msaidizi mmoja atakuwa na kazi moja tu: kuzuia watoto wasiingie ndani ya kamba."

Sentensi ya mwisho si ya mapambo. Wakati wa kuruka na kutua rafadha huwa karibu na vichwa vya watu, na ndipo watoto hukusanyika.

4. Usalama kwa maana ya amani na faragha

Kwa kamera iliyotajwa, pikseli moja ni takribani sentimita 2.7 za ardhi. Mabega ya mtu mzima ni pikseli 18 hivi, sura haitambuliki. Watafiti wengi huishia hapo na kuandika kwamba faragha imelindwa. Hoja hiyo haitoshi kijijini. Mabafu mengi ya uani hayana paa, na aliyemo ataonekana kama umbo. Jirani hahitaji sura ili amjue: anajua ua ule ni wa nani. Utambulisho unatoka mahali, hautoki usoni. Hatua zinazofaa ni kutangaza saa za kila mraba siku moja kabla, kufifisha picha za nyua kabla ya kuzihifadhi, na kutotoa picha ghafi kwa mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafaa itajwe hapa kwa jina.

Kuhusu ardhi, barua iseme waziwazi kile ambacho picha hazifanyi:

"Picha hizi si upimaji wa viwanja wala mashamba. Hazitaonyesha majina ya wamiliki, hazitaweka mpaka wowote, na hazitatumika kama ushahidi wa umiliki. Ramani itakayotokana nazo itaonyeshwa kwanza katika mkutano wa kijiji."

Kauli hii ina kikomo chake. Mtafiti anaweza kuahidi matumizi yake mwenyewe, lakini ramani iliyokwisha kuchapishwa inaweza kusomwa na yeyote mwenye mgogoro. Ndiyo maana ahadi ya kuonyesha kwanza kijijini ni nzito kuliko ahadi ya nia njema. Inawapa wananchi nafasi ya kupinga kabla ramani haijatoka.

5. Hitimisho

Barua iliyochambuliwa hapa inaweza kupimwa kwa jaribio moja. Mtendaji wa Kijiji aisome kwa sauti mkutanoni, bila mtafiti kuwapo. Wasikilizaji wakiweza kusema chombo kitapita juu ya nyumba zao siku gani, kitashushwa kwa sababu zipi, na picha zao za mashamba hazitatumika kwa jambo gani, barua imejibu maana zote mbili za usalama. Wakiuliza, "Kwani wanapima?", sehemu ya nne haijaandikwa vya kutosha, na inafaa iandikwe upya kabla barua haijapelekwa wilayani.