Barua ya Wapangaji kwa Kampuni ya Stima: Kutoka Bei ya Biashara hadi Bei ya Nyumbani

Barua ya wapangaji ya kuomba jengo lao litolewe kwenye bei ya biashara na kuwekwa kwenye bei ya nyumbani ina kazi mbili. Inaomba mita isajiliwe katika kundi linalolingana na matumizi yake, na inatoa ushahidi kwamba nyuma ya mita hiyo wanaishi watu, si maduka. Nchini Kenya barua kama hiyo hupelekwa kwa Kenya Power, lakini si Kenya Power inayopanga bei. Makundi na viwango huidhinishwa na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, na kampuni haina ruhusa ya kumpunguzia mteja kwa huruma. Kwa hiyo malalamiko ya maisha magumu hayana uzito mkubwa ndani ya barua. Chenye uzito ni kuonyesha kwamba jengo limewekwa mahali lisipostahili.

Makundi yanayohusika ni mawili. Kundi la DC ni la wateja wa nyumbani na kundi la SC ni la biashara ndogo. Yote mawili hupokea umeme wa volti 240 au 415, na yote yana ukomo wa yuniti 15,000 kwa mwezi. Anayezidi hapo huingia kundi la wateja wakubwa, ambako hutozwa pia gharama ya kilele cha matumizi inayopimwa kwa kVA. Ploti ya kawaida ya ghorofa tatu au nne haifiki huko.

Jengo la makazi huingia kwenye SC kwa njia za kawaida kabisa. Mjenzi aliomba stima ya kuendeshea ujenzi, akasajiliwa kama biashara, na nyumba zilipokamilika hakuna aliyerudi kubadilisha. Au akaunti iko kwa jina la kampuni ya mwenye nyumba. Au chini kuna kinyozi na duka la rejareja, juu kuna nyumba kumi na mbili, na zote zinapitia mita moja. Katika hali hii ya tatu kampuni haijakosea, kwa sababu mita hiyo kweli inalisha biashara.

Kabla ya kuandika lolote, wapangaji wanahitaji kujua wanalipa bei gani hasa. Kwa mita ya tokeni jibu limo kwenye ujumbe wa simu unaoleta tokeni. Kuna idadi ya yuniti, `Units`, kuna pesa zilizonunua umeme wenyewe, `TknAmt`, na kuna `OtherCharges`, yaani gharama ya mafuta, marekebisho ya sarafu za kigeni, tozo na kodi. `TknAmt` ikigawanywa kwa `Units` hutoa bei ya msingi ya yuniti moja. Tuseme ujumbe unaonyesha yuniti 40 na `TknAmt` ya shilingi 838.80. Bei ni shilingi 20.97 kwa yuniti. Kosa la wengi ni kugawanya jumla yote waliyolipa, kisha kulalamika kuhusu namba ambayo haimo kwenye jedwali lolote la bei. Mhudumu huitupilia mbali hoja hiyo kwa sentensi moja.

Hapa ndipo barua nyingi hupotea njia. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, mteja wa nyumbani aliwekwa kwenye ngazi tatu. Asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi alilipa shilingi 12.22 kwa yuniti. Aliyezidi 30 lakini hakupita 100 alilipa shilingi 16.30, na aliyepita 100 alilipa shilingi 20.97. Viwango hivyo hupitiwa upya mara kwa mara, kwa hiyo barua inafaa kutumia jedwali la mwezi inapoandikwa. Muhimu zaidi ni jinsi ngazi zinavyofanya kazi. Ngazi hupatikana kwa wastani wa miezi mitatu, na yuniti zote hutozwa kwa bei ya ngazi hiyo. Aliyefika yuniti 101 hapewi zile 30 za kwanza kwa bei ya chini. Nalo kundi la SC lilipewa ngazi zenye mipaka ile ile ya 30 na 100, bei zake zikikaribiana sana na za DC.

Maana yake ni kwamba kubadilisha herufi kutoka SC hadi DC, peke yake, hakuwezi kushusha bili kwa kiasi cha kuonekana. Kinachowaumiza wapangaji wengi ni kwamba mita moja imebeba nyumba nyingi. Kwa kampuni, mita ni mteja mmoja hata kama nyuma yake kuna familia ishirini, na mteja wa namna hiyo hukaa ngazi ya juu mwaka mzima.

Tuchukue ploti ya nyumba kumi na mbili. Nane ni za mtu mmoja mmoja, zenye taa, simu, televisheni na pasi ya mara moja moja, na kila moja hutumia yuniti 25 kwa mwezi. Nne ni za familia zenye friji, kila moja yuniti 70. Jumla ni yuniti 480. Kwa mita moja, kwa bei za Aprili 2023, gharama ya msingi ni shilingi 10,065.60. Kama kila nyumba ingekuwa na mita yake ya nyumbani, zile nane zingelipa shilingi 2,444 na zile nne shilingi 4,564, jumla shilingi 7,008. Tofauti ni shilingi 3,057.60 kila mwezi. Ukiongeza tozo ya umeme vijijini ya asilimia 5 na kodi ya VAT ya asilimia 16, ambazo hupanda na kushuka pamoja na gharama hiyo, tofauti hukaribia shilingi 3,700. Gharama ya mafuta haibadiliki, maana hutozwa kwa yuniti na yuniti ni zile zile. Mzigo wenyewe pia haugawanyiki sawa. Mpangaji wa yuniti 25, ambaye angelipa shilingi 305.50, analipa zaidi ya shilingi 524.

Zile mita ndogo ambazo mwenye nyumba huweka mlangoni pa kila chumba hazitibu jambo hili. Zinagawa bili kwa haki kati ya wapangaji, lakini kampuni haizitambui. Inasoma mita kuu tu. Kwa hiyo ombi lenye manufaa lina sehemu mbili, kurekebisha kundi na kutenganisha mita, na sehemu ya pili ndiyo yenye pesa.

Tatizo la kwanza la kiofisi ni nani anayeandika. Mkataba wa stima ni kati ya kampuni na mwenye akaunti, ambaye kwa kawaida ni mwenye nyumba. Chama cha wapangaji kikiandika peke yake, ofisi inaweza kujibu, na kwa haki, kwamba haiwezi kugusa akaunti ya mtu mwingine. Dawa ni mwenye nyumba atie sahihi kwenye barua ile ile au atoe barua ya idhini. Mara nyingi hakatai, ila huuliza nani atalipia waya na maombi ya mita mpya, na swali hilo hujibiwa kabla barua haijatoka. Mwili wa barua unaweza kuwa mfupi hivi:

"KUH: OMBI LA KUBADILISHA KUNDI LA BEI NA KUTENGANISHA MITA

Sisi wapangaji wa jengo lililotajwa hapo juu, kwa idhini ya mwenye akaunti ambaye ametia sahihi hapa chini, tunaomba yafuatayo. Mita ya jengo imesajiliwa kama biashara ndogo. Jengo lina nyumba kumi na mbili za makazi na halina duka wala karakana. Tunaomba mkaguzi wenu afike kuthibitisha matumizi hayo, mita ihamishiwe kundi la wateja wa nyumbani, na kila nyumba iruhusiwe kuomba mita yake. Mita iliyopo ibaki kwa ajili ya pampu ya maji na taa za ngazi. Tumeambatisha risiti za miezi mitatu, orodha ya nyumba na barua ya mwenye nyumba. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Juu ya maneno hayo huwekwa namba ya akaunti na ya mita, mahali jengo lilipo na tarehe. Nakala hugongwa muhuri wa kupokelewa na kurudishwa kwa chama. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka kwamba barua iliwahi kufika.

Mkaguzi akija hasomi barua, anatazama jengo. Mpangaji anayeshona nguo sebuleni kwa cherehani moja hatamshtua mtu, lakini mashine ya kusaga au saluni yenye drayer tatu hubomoa ombi zima. Kama biashara zipo, ni afadhali zitajwe wazi na ziombewe mita yake ya SC, nyumba zikibaki upande wa DC.

Shida kubwa zaidi huwa kwenye waya. Katika ploti za zamani saketi moja hupita vyumba viwili au vitatu. Kipimo chake ni rahisi: swichi kuu ya nyumba moja huzimwa, kisha hutazamwa kama taa au soketi ya jirani imekufa pia. Ikiwa imekufa, nyumba hizo haziwezi kupewa mita tofauti kabla fundi hajazitenganisha. Nyutro nayo lazima itenganishwe. Mita nyingi za tokeni hulinganisha umeme unaoingia kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na nyutro ya nyumba mbili ikichanganyika, mita huona hitilafu na inaweza kukata stima ingawa tokeni ipo. Kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, ambaye hutoa cheti cha waya. Cheti hicho huambatana na kitambulisho na PIN ya KRA ya kila anayeomba mita.

Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu, malalamiko hupelekwa EPRA, yakiambatana na nakala yenye muhuri na jibu lililotolewa, kama lipo. EPRA hutaka kuona kwamba kampuni ilipewa nafasi kwanza. Asiyeridhika na uamuzi wa EPRA anaweza kukata rufaa kwenye Mahakama Maalum ya Nishati na Petroli, iliyowekwa na Sheria ya Nishati ya 2019, ndani ya siku 30. Ploti chache hufika huko, kwa kuwa fedha zinazobishaniwa ni ndogo kuliko gharama ya kesi. Nyingi huishia kwa mkaguzi.

Mabadiliko yakikubaliwa, hesabu ile ile ya `TknAmt` kwa `Units` ndiyo huonyesha kama yamefanyika. Nyumba ya yuniti 25 inayoendelea kutozwa bei ya ngazi ya juu baada ya miezi mitatu ya mita yake mpya ina sababu ya kurudi ofisini na risiti mkononi. Ile inayotumia yuniti 110 itakuta bei ni karibu ile ile ya zamani, na hapo hakuna kosa la usajili la kulalamikia.