Mistari Miwili ya Barua Pepe Inayoishia Kwenye Mkataba

Matangazo ya mafunzo kazini kwa wahitimu hufanana sana. Benki au kampuni inataka vijana waliomaliza shahada karibuni, inataja ufaulu unaohitajika, inatoa anwani ya barua pepe na siku ya mwisho ya kutuma maombi. Karibu na mwisho kuna sharti fupi: taja vituo vya kazi unavyopendelea, kwa mpangilio, na tarehe unayoweza kuanza. Waombaji wengi hutumia siku nzima kunyoosha wasifu wao, kisha sharti hilo wanalijibu kwa sentensi moja ya dakika ya mwisho: “Niko tayari kufanya kazi popote na kuanza mara moja.”

Sentensi hiyo inaonekana ya unyenyekevu, na anayeiandika anadhani anaonyesha utayari. Kwa afisa rasilimali watu anayeipokea, haina kitu cha kufanyia kazi. Wahitimu wa programu kama hizi huripoti kwa pamoja, siku moja, kwa sababu wanaanza na darasa la pamoja kabla ya kuzungushwa idara mbalimbali na hatimaye kupangiwa vituo. Afisa ana nafasi kadhaa Mwanza, kadhaa Mbeya, chache Dar es Salaam, na ana siku ambayo darasa linafunguliwa. Anachotafuta katika barua yako ni jina la mahali na tarehe ya kalenda.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Mwombaji wetu ni binti aliyesoma uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sasa anaishi Dodoma, ambako ni msimamizi wa mauzo katika duka kubwa la pembejeo, na analipwa kwa mwezi. Benki imetangaza nafasi za mafunzo kwa wahitimu. Vituo vilivyotajwa ni Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya na Dodoma. Darasa la kwanza litafanyika Dar es Salaam, na programu inaanza Januari 2027.

Kwanza mahali. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchanganya mahali pa mafunzo na kituo cha kazi. Kwa kuwa darasa liko Dar es Salaam, mwombaji anaandika Dar es Salaam kama chaguo la kwanza, akidhani asipofanya hivyo hatahudhuria. Darasa ni la wote. Swali linahusu mahali atakapopangiwa baada ya darasa. Anayetaja Dar es Salaam peke yake anajiweka kwenye foleni ndefu kuliko zote, kwa sababu wahitimu wengi wanataka kubaki huko.

Binti wetu ana sababu nzuri ya kutaka Mbeya. Mafunzo yake ya vitendo chuoni aliyafanya Mbarali, akiwa na chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga, na aliona jinsi wakulima wanavyokopa kabla ya msimu na kulipa baada ya kuvuna. Benki inayokopesha wakulima inamhitaji mtu wa namna hiyo. Chaguo lake la pili ni Mwanza, kwa sababu kanda hiyo ina pamba, na mkopo wa pamba nao unafuata msimu. La tatu ni Dodoma, anakoishi. Rasimu yake ya kwanza ilisema: “Ningependa Mbeya kwa sababu ni karibu na nyumbani kwa wazazi.” Hiyo ni kweli, wala si aibu, lakini haimwambii mwajiri chochote kuhusu kazi. Rasimu ya pili ikawa hivi:

“Vituo ninavyopendelea, kwa mpangilio, ni Mbeya, Mwanza na Dodoma. Nimefanya mafunzo ya vitendo na chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga Mbarali, na ningependa kuendelea na mikopo ya kilimo katika Kanda ya Nyanda za Juu Kusini au Kanda ya Ziwa. Niko tayari kupangiwa kituo kingine kilichotajwa katika tangazo iwapo hivi vitatu vimejaa.”

Sentensi ya mwisho iandikwe tu kama ni ya kweli. Kama una mgonjwa unayemuuguza Arusha na huwezi kuondoka, sema Arusha pekee, ukijua kwamba nafasi yako imepungua. Ni afadhali kukosa nafasi mwezi wa Oktoba kuliko kukataa kituo mwezi wa Januari, baada ya mtu mwingine kuachwa kwa ajili yako. Wala usitaje mahali ambapo hapamo katika tangazo kwa matumaini kwamba watakufungulia. Zanzibar ni mfano unaojirudia. Masuala ya kazi si ya Muungano, na visiwani kuna Sheria ya Ajira yake, ya mwaka 2005. Kama tangazo limetaja vituo vya Bara pekee, kituo cha Unguja hakiwezi kuongezwa kwa ombi la mstari mmoja.

Kuna anwani pia, na hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo waombaji wachache wanalifikiria. Vijana wengi wa mikoani hutumia anwani ya mjomba au shangazi aliyeko Dar es Salaam, ili waonekane wako karibu na usaili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Miongoni mwa maelezo hayo ni anwani ya kudumu, mahali mfanyakazi alipoajiriwa, tarehe ya kuanza kazi na mahali pa kazi. Kifungu cha 43 kinaeleza kwa nini “mahali alipoajiriwa” pana uzito. Mkataba ukivunjwa ukiwa mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukurudisha wewe na mizigo yako hadi pale ulipoajiriwa, au kulipia safari hiyo. Binti anayetoka Dodoma na kupangiwa Mbeya, kisha karatasi zake zote zikasoma Dar es Salaam, anaanza kujenga kumbukumbu isiyo yake. Siku ya kudai nauli na usafiri wa vyombo vyake, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayofunguliwa. Andika unapoishi kweli. Kuhusu usaili, ongeza sentensi moja kwamba utafika Dar es Salaam ukiarifiwa siku chache kabla.

Sasa tarehe. Tarehe nzuri hupatikana kwa hesabu. Binti wetu analipwa kwa mwezi na ameshavuka mwezi wake wa kwanza kazini, hivyo kwa kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo notisi yake haipungui siku 28, na inaandikwa. Programu inaanza Jumatatu, tarehe 4 Januari 2027. Akitoa notisi Jumanne, tarehe 1 Desemba 2026, siku 28 zinaisha tarehe 28 Desemba. Anabakiwa na siku sita kamili za kukabidhi chumba, kufunga mizigo na kusafiri, tena katika majuma ambayo mabasi hujaa watu wa sikukuu. Kwa hiyo, ili aripoti tarehe 4 Januari bila kukimbizana, barua ya ajira inapaswa kumfikia tarehe 30 Novemba. Barua ikifika tarehe 15 Desemba na akatoa notisi siku inayofuata, notisi itakwisha tarehe 12 Januari. Darasa litakuwa limeshaanza.

Likizo nayo huvuruga hesabu. Wengi hufikiri kwamba watachukua likizo ya mwaka mwezi wa Desemba na notisi itaenda pamoja nayo. Kifungu hichohicho cha 41 hakiruhusu notisi kutolewa wakati wa likizo, wala kwenda sambamba na likizo. Na anayeamua kuondoka tu bila kufanya kazi siku za notisi, mwajiri wake anaruhusiwa kukata katika stahiki zake mshahara wa siku alizokataa kuzifanyia kazi. Zaidi ya fedha, kuna mwajiri mpya atakayepiga simu kwa yule wa zamani kuulizia tabia yake.

Kwa hesabu hiyo, mstari wa tarehe unajiandika wenyewe: “Ninaweza kuripoti kazini Jumatatu, tarehe 4 Januari 2027, nikipata barua ya ajira kufikia tarehe 30 Novemba 2026, kwa kuwa natakiwa kumpa mwajiri wangu wa sasa notisi ya siku 28.” Una tarehe, una sharti, una sababu. Afisa akiusoma anajua siku ya mwisho ya kukutumia barua, na anaona kwamba utamwaga mwajiri wako kwa utaratibu, kama utakavyomfanyia yeye siku moja.

Mhitimu ambaye hana kazi hana notisi, lakini ana karatasi. Matokeo ya mwaka wa mwisho huwa ya muda mpaka yaidhinishwe na Seneti ya chuo, na nakala rasmi ya matokeo hutoka baada ya hapo. Huyu asifunge tarehe yake na mahafali, kwa sababu joho si sharti la ajira. Aifunge na karatasi iliyotajwa katika tangazo, aseme anayo au lini ataichukua. Kama namba ya NIDA au ya mlipakodi bado haijatoka, ni bora kuifuatilia wiki hiyohiyo kuliko kuitolea udhuru siku ya kuripoti.

Katika mpangilio wa barua, kichwa kibebe jina la programu, namba ya kumbukumbu kama ipo, jina lako na chaguo la kwanza la kituo, kwa sababu maombi hupangwa na kutafutwa kwa kichwa. Aya ya kwanza iseme unaomba nini na umesoma nini. Ya pili iwe vituo, ya tatu tarehe. Viambatanisho viwe katika faili moja la PDF lenye jina lako, isipokuwa tangazo limesema vingine. Tangazo likiwa la Kiingereza, andika barua kwa Kiingereza kwa mpangilio huohuo. Na vituo hivyo na tarehe hiyo viwe sawa na vilivyo katika fomu ya mtandaoni, kama ipo. Fomu ikisema Mwanza na barua ikisema Mbeya, afisa hatakupigia kuuliza ni ipi.

Kwenu waajiri, tafadhali andikeni katika tangazo mambo matatu: darasa litafanyika wapi, vituo vyenye nafasi ni vipi, na barua za ajira zitatoka lini. Mwombaji mwenye notisi ya siku 28 hawezi kupiga hesabu ya tarehe ambayo mmeificha.