Kwa Nini Poda Hukaa Juu ya Uso Badala ya Kushika

Chukua poda ya unga isiyo na rangi, ile inayouzwa kwa ajili ya kuseti mekapu, uipake nyuma ya kiganja sehemu mbili zilizo karibu. Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi utaona madoa mawili meupe. Sasa dondoshea doa moja tone dogo la mafuta ya watoto na ulisambaze taratibu kwa ncha ya kidole. Weupe unapotea hapo hapo na rangi ya ngozi inarudi, ilhali doa la pili limebaki vilevile. Punje za poda hazijaenda popote. Kilichobadilika ni kwamba nafasi zilizokuwa katikati ya punje, ambazo zilijaa hewa, sasa zimejaa mafuta.

Ukilielewa jaribio hilo utaelewa kwa nini mtu mmoja akipaka poda uso hutulia, na mwingine akipaka poda ileile uso huonekana umepakwa unga wa ngano. Punje za talki, silika au wanga ni angavu. Weupe wake unatokana na mwanga kupinda na kutawanyika kila unapovuka kutoka kwenye hewa kuingia kwenye punje na kutoka tena. Kadiri vitu viwili vinavyotofautiana katika namna vinavyopitisha mwanga, ndivyo mwanga unavyotawanyika zaidi. Punje na hewa vinatofautiana sana, lakini punje na mafuta vinakaribiana mno, kwa hiyo zikiloa mafuta mwanga hupita karibu kama vile hakuna kitu. Ndiyo sababu mchanga wa ufukweni huwa mweupe ukiwa mkavu na kukolea rangi wimbi likiupitia.

Usoni, mafuta hayo yanatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ngozi yenyewe: kwenye paji la uso, pua na kidevu kuna mamia ya tezi za mafuta katika kila sentimita moja ya mraba, na hazipumziki. Ya pili ni fundesheni. Fundesheni nyingi za maji huwa na viungo vinavyoyeyuka hewani ndani ya dakika chache, kisha hubakiza utando mwembamba wa mafuta ulioshika rangi. Utando huo unanata na kung'aa, na kidole kikiugusa unahama. Poda inapotua juu yake, kila punje huzama nusu. Sehemu ya chini hushikwa na mafuta, na utando huacha kuteleza kwa sababu mafuta yake yamenaswa katikati ya punje. Sehemu ya juu huchomoza kidogo na kuufanya uso ukwaruze kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, kiasi cha kuuvunja mng'ao. Huko ndiko kuseti.

Tatizo linaanza punje zinapokuwa nyingi kuliko mafuta yanayozipokea. Zile za chini zimeshika, lakini zilizorundikana juu yake ni kavu, zimezungukwa na hewa, na zinatawanya mwanga. Hizo ndizo tunazoziona kama unga. Mtu anapocheka au kukunja uso, tabaka hilo kavu halifuati ngozi, linapasuka kwenye mikunjo ya chini ya macho na pembeni mwa mdomo.

Hapo ndipo tofauti ya poda ya unga na poda iliyogandamizwa inapokuwa na maana. Ya unga ni punje huru. Haina mafuta ndani yake, au ina kidogo sana, kwa hiyo ina kiu. Silika yenye vitundu inaweza kunywa mafuta yanayozidi uzito wake. Talki na wanga hunywa kidogo zaidi. Kwa kuwa punje hazijashikamana, pafu au brashi laini inaweza kuzisambaza kwa tabaka jembamba sana. Poda hii inafaa kwa kuseti mara ya kwanza, wakati utando wa fundesheni bado una mafuta ya kutosha.

Iliyogandamizwa hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa namna hiyohiyo na gundi. Mara nyingi gundi hiyo ni silikoni au mafuta mepesi, yakiwa asilimia chache tu ya uzito wote, pamoja na chumvi za asidi ya steariki zinazosaidia punje kunata. Kisha mchanganyiko hushindiliwa kwa mashine kwenye kisahani cha bati. Punje zake zimekwisha kuonja mafuta kabla hazijafika usoni, kwa hiyo hunywa kidogo zaidi, na mara nyingi hubeba rangi zaidi. Ukiichota kwa sponji iliyobana, unachukua tabaka zito kwa mguso mmoja. Inatulia vizuri kwenye ngozi isiyo na mafuta mengi, haimwagiki kwenye mkoba, na inafaa kurekebisha uso ukiwa safarini. Ila ukiitegemea kuseti fundesheni yenye mafuta mengi, utalazimika kuipaka tena na tena, na kila mara unaongeza rangi ambayo hukuihitaji.

Tuchukue bi harusi wa Dar es Salaam anayepambwa saa nane mchana. Paji lake na pua vina mafuta, mashavu ni ya kawaida, na chini ya macho ngozi ni nyembamba na kavu. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo kuna jasho pia, na jasho ni maji. Poda yenye wanga ikikutana na maji hushikana na kuwa ujiuji, na ujiuji ukikauka huacha mabaka. Kwa hiyo mpambaji mzuri huanza kwa kumkalisha mbele ya feni mpaka jasho likome, kisha hukausha uso kwa tishu kwa kukandamiza, si kwa kusugua.

Fundesheni ikishapakwa kwa tabaka jembamba, anasubiri kama dakika 5. Muda huo ni wa kuacha vile viungo vinavyoyeyuka viondoke. Poda ikiwekwa mapema mno, inanywa vimiminika hivyo pamoja na rangi, na rangi inajikusanya vidoa vidoa badala ya kubaki sawasawa. Namna ya kujua wakati umefika ni kugusa shavu kwa mgongo wa kidole: kidole kinapaswa kunata kidogo na kuinuka bila rangi. Halafu anatenganisha tishu, anachukua karatasi moja kati ya zile mbili zilizobandana na kuikandamiza kwenye paji na pua. Tishu inaondoa mafuta ya ziada, na kila tone lililoondoka ni poda ambayo haitahitajika.

Chini ya macho anaanza kwa kulainisha mikunjo ya konsila kwa kidole, kwa sababu poda hugandisha kile inachokikuta. Ikikuta mkunjo, inauhifadhi. Anamimina poda ya unga kwenye mfuniko, kiasi cha kufunika ukucha wa kidole kidogo, anaigusa kwa pafu ndogo, kisha anaikunja pafu na kuisugua dhidi yenyewe mpaka weupe wake uishe juu na poda iingie kwenye nyuzi. Anaikandamiza kwenye ngozi na kuinua. Kukandamiza kunazisukuma punje ndani ya utando wa mafuta. Kufagia kunaziacha juu na kuivuruga fundesheni. Paji, pua na kidevu vinapata mkandamizo huo. Mashavu yanapitiwa na brashi kubwa iliyobaki na mabaki tu. Chini ya macho, ile pafu inagusa mara moja.

Kuna mtindo unaoitwa kubeki, wa kurundika poda chini ya macho kwa dakika kadhaa kisha kuifagia. Nia yake ni kuipa poda muda wa kunywa mafuta yote iwezayo kabla ya ziada kuondolewa. Kwa ngozi yenye mafuta na taa za jukwaani unafanya kazi. Kwa bi harusi huyu mwenye ngozi kavu chini ya macho, hakuna mafuta ya kunywa. Poda itachukua unyevu wa konsila na kuiacha imepasuka kabla hajafika ukumbini.

Akimaliza, mpambaji anampulizia uso maji mepesi ya kuseti kutoka umbali wa mkono, mapulizo mawili au matatu. Maji hayo hulowesha punje kavu zilizobaki juu, huzilaza, na viungo vyake vizito vinabaki katikati ya punje baada ya maji kukauka. Hewa imepungua, kwa hiyo weupe umepungua. Yanaweza kuokoa tabaka lililozidi kidogo, lakini si lile lililorundikwa.

Halafu anampiga picha ya simu kwa mwanga wa dirishani, na nyingine kwa flashi. Flashi iko karibu na lenzi, kwa hiyo punje kavu huurudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera, na sehemu ambayo kwa macho ilionekana safi hutokea nyeupe pichani. Poda za silika tupu zina sifa hiyo zikipakwa nene. Kisababishi kingine ni titani dioksidi, ambayo kwenye kopo huandikwa CI 77891, na zinki oksidi, CI 77947. Hizi hutofautiana na mafuta kwa kiasi kikubwa sana katika kupitisha mwanga, ndiyo maana hubaki nyeupe hata zikiloa. Ukidondoshea poda mafuta nyuma ya kiganja na weupe ukakataa kuondoka, usimpake mwenye ngozi nyeusi hata kama kopo limeandikwa kwamba poda hiyo haina rangi. Mtafutie yenye rangi ya ngozi yake.

Saa tatu usiku paji limeanza kung'aa. Punje zimeshiba na mafuta yamepanda juu yake. Wengi hapa hutoa kompakti na kuongeza poda juu ya mng'ao, na ndipo uso unapoharibika: poda mpya inachanganyika na mafuta yaliyozidi na kuwa ubandiko mzito unaoviringika chini ya sponji. Mafuta yaondoke kwanza kwa karatasi ya kunyonya au tishu. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Kama bado paji linang'aa, poda iliyogandamizwa iguse hapo tu, kwa brashi, si kwa sponji.

Kompakti yenyewe pia huharibika kwa mafuta. Sponji iliyogusa uso huyarudisha kwenye kisahani, na baada ya wiki kadhaa poda inapata ngozi ngumu inayong'aa ambayo haitoi kitu. Ibandue kwa utepe wa gundi au ikwangue kwa kisu safi, na uoshe sponji mara kwa mara. Ya unga haina tatizo hilo, ila vumbi lake huruka; ipigie pafu ndani ya mfuniko na umwombe mwenye uso azuie pumzi kidogo wakati wa kuipaka karibu na pua.

Anayeweza kununua moja tu aangalie ngozi yake saa nne baada ya kunawa. Tishu ikitoka na madoa ya mafuta kwenye paji na mashavu, achukue ya unga. Ikitoka kavu, iliyogandamizwa inamtosha, na mashavuni huenda asihitaji poda kabisa, kwa sababu hapo hakuna mafuta ya kuishika.