Notisi ya kumtoa mpangaji wa duka: sababu itajwe, siku zihesabiwe

Barua yenyewe huwa fupi. Mwenye jengo anamwandikia mpangaji wa duka kwamba amechoshwa na tabia yake ya kuchelewesha kodi, hivyo anampa siku thelathini afungashe vitu vyake. Anaweka sahihi, anagonga muhuri, na kijana wa kazi anaipeleka dukani. Mwezi ukiisha anakuja na kufuli mpya. Nchini Kenya, barua ya namna hiyo huenda isiwe na nguvu yoyote kisheria, hata kama mpangaji anadaiwa kweli.

Sababu ni sheria ya mwaka 1965 inayohusu maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula, ambayo mawakili huiita Sura ya 301. Sheria hiyo inawalinda wapangaji wa aina mbili hasa: wale wasio na mkataba wa maandishi, na wale wenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano. Kinyozi aliyepatana kwa mdomo na mwenye jengo analindwa sawasawa na mwenye duka la dawa aliyetia sahihi mkataba wa miaka mitatu. Upangaji wao hauwezi kuvunjwa ila kwa njia iliyowekwa na sheria hiyo.

Njia hiyo huanza na notisi, na notisi si barua ya kujitungia. Inaandikwa kwa kufuata Fomu A, iliyo katika kanuni za sheria hiyo. Lazima itaje sababu ya kuvunja upangaji na tarehe ambayo notisi itaanza kufanya kazi. Lazima pia imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu aipokee, kama anakubali kutoka au la. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilisisitiza mambo hayo katika kesi ya Diani Boutique dhidi ya South Coast Fitness and Sports Centre: sheria inataka fomu maalumu, sababu zilizotajwa na muda usiopungua miezi miwili, na nje ya hapo upangaji unaolindwa hauvunjiki.

Sababu zinazoruhusiwa zimeorodheshwa katika kifungu cha 7, na zinazotokana na mpangaji kukiuka masharti ni tatu kuu. Ya kwanza ni matengenezo: mpangaji alikubali kulitunza jengo, akaliacha likaharibika. Ya pili ni kodi, nayo ina milango miwili. Mpangaji anaweza kuwa hakulipa kwa miezi miwili tangu kodi ilipostahili kulipwa, au anaweza kuwa na mazoea ya kulipa kwa kuchelewa, hata kama mwishowe hulipa yote. Ya tatu ni ukiukaji mwingine mkubwa wa masharti, au jambo jingine linalohusu namna anavyolitumia na kulisimamia jengo. Duka la nguo lililogeuzwa gereji ya pikipiki, kinyume cha mapatano, linaweza kuangukia hapa.

Neno “mkubwa” lina uzito wake. Kibao cha biashara kilichozidi kipimo kidogo hakitoshi kumpokonya mtu duka.

Hapa ndipo wenye majengo wengi hujikwaa. Sababu zinazoweza kusikilizwa baadaye ni zile tu zilizoandikwa katika notisi. Aliyeandika kwamba mpangaji hajalipa kwa miezi miwili hawezi kufika mbele ya baraza akaanza kulalamikia paa lililoachwa livuje. Kwa hiyo mwenye jengo aliye makini hutaja milango yote miwili ya kodi pale ambapo yote ni ya kweli. Akitaja deni peke yake, mpangaji anaweza kulilipa kabla ya shauri kusikilizwa na kuomba aachwe aendelee. Akitaja pia mazoea ya kuchelewa, akaonyesha risiti na taarifa za M-Pesa za mwaka mzima, malipo ya dakika za mwisho hayafuti historia hiyo.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani amepanga chumba cha biashara Mombasa kwa mapatano ya mdomo, kodi shilingi 20,000 kwa mwezi, ikilipwa tarehe 1. Kodi ya Machi hakulipa, ya Aprili hakulipa. Kufikia tarehe 1 Mei, kodi ya Machi imekaa miezi miwili bila kulipwa, na hapo sababu ya kisheria imepatikana. Notisi iliyotolewa katikati ya Aprili kwa sababu hiyo ingekuwa imewahi mno.

Tuseme basi notisi inamfikia fundi tarehe 12 Mei. Miezi miwili inahesabiwa kuanzia siku aliyoipokea, wala si siku iliyoandikwa juu ya karatasi, kwa hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya tarehe 12 Julai. Kwa kuwa upangaji wake ni wa mwezi kwa mwezi, tarehe iliyo salama zaidi kuandikwa ni 1 Agosti, baada ya mwezi wa kodi kwisha. Jibu lake linatakiwa kufikia tarehe 12 Juni. Kama kungekuwa na mkataba wa maandishi unaotaka notisi ya miezi mitatu, miezi hiyo mitatu ndiyo ingefuatwa. Muda mfupi kuliko miezi miwili unawezekana tu pale pande zote mbili zilipoukubali kwa maandishi.

Kwa sababu hesabu inaanzia siku ya kupokea, namna ya kufikisha notisi ina maana kubwa. Sheria inaruhusu kumkabidhi mpangaji mwenyewe, mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wa pale dukani, au kuituma kwa rejista ya posta kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana. Kuisukuma chini ya mlango usiku ni kujitafutia ubishi. Anayeipeleka hubaki na nakala iliyosainiwa na kuandikwa tarehe.

Fundi asipokubali kutoka, anapeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi, yaani kabla ya 1 Agosti. Akifanya hivyo, notisi inasimama hadi baraza litakapoamua, na yeye anaendelea kukaa huku akidaiwa kodi kama kawaida. Akikaa kimya hadi tarehe ipite, notisi inashika. Hata hapo mwenye jengo huomba amri ya kurudishiwa chumba, hachukui kufuli. Na notisi ikionekana ina kasoro, anaanza upya: fomu mpya, miezi miwili mipya.

Mikataba inayozidi miaka mitano iko nje ya Sura ya 301, lakini kuna mtego. Mkataba wa miaka sita wenye kipengele kinachomruhusu upande mmoja kuuvunja ndani ya miaka mitano ya mwanzo, pasipo kosa lolote, unarudi kuwa upangaji unaolindwa. Mwenye jengo aliyeweka kipengele hicho ili ajipe uhuru hujikuta amejifunga kwa Fomu A.

Pale ambapo kipengele hicho hakipo, inatumika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kabla ya kuufuta mkataba kwa sababu ya kosa, mwenye jengo humpa mpangaji notisi isiyopungua siku 30, akieleza kosa ni lipi na, kama linarekebishika, akimtaka alirekebishe katika muda wa kutosha uliotajwa humo. Mpangaji akilirekebisha ndani ya muda huo, mkataba unaendelea.