Fahamu: Namna ya kumjua mwenye VPN kabla ya kuipakua

Uganda ilipofunga mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, wengi walikimbilia VPN. Haraka kama hiyo ndiyo huwanufaisha matapeli, kwa kuwa jina, nembo na hata maoni ya nyota tano vyote vinaweza kuigwa. Kisichoigika kirahisi ni kitambulisho cha programu, kwani ndani ya Play Store programu mbili haziwezi kutumia kimoja. Chukua Proton VPN. Usianze kwa kuitafuta dukani. Fungua kwanza tovuti ya kampuni, protonvpn.com, kisha ufuate kiungo chake cha kupakulia. Ukurasa utakaofunguka unapaswa kuonyesha mtengenezaji Proton AG, na anwani yake kuwa na sehemu hii:

```
id=ch.protonvpn.android
```

Herufi moja ikipishana, hiyo ni programu nyingine.

Wapo watakaosema duka limeshakagua. Ni kweli hukagua, lakini programu hasidi zimewahi kupenya na kuondolewa baada ya watu kuzipakua. Tena, faili la APK lililotumwa WhatsApp linaweza kubeba kitambulisho hichohicho, hivyo kipimo hiki hakilihusu.

Kumjua mwenye programu si kuthibitisha uaminifu wake. Ila VPN hupitisha mawasiliano yako yote, na mwenye kuificha kampuni yake hakuachii pa kumdai. Usipompata mwenyewe, usiipakue.