Nani Alipe Dola 480?

Kwa zaidi ya miaka 60 wanafunzi wa biashara wamekuwa wakibishana kuhusu maboksi ya kadibodi. Kisa chenyewe kiliandikwa katika Shule ya Biashara ya Harvard, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, na kinahusu kampuni ya karatasi iitwayo Birch. Hakuna wizi ndani yake wala kufilisika. Kuna mameneja watatu waliokuwa wakifanya kazi zao vizuri, na kampuni moja iliyokaribia kupoteza fedha kwa sababu hiyo hiyo.

Birch iligawanywa katika vitengo. Kila kitengo kilikuwa na meneja wake na vitabu vyake vya hesabu, na meneja alipimwa kwa faida ya kitengo chake tu, kana kwamba ni biashara yake mwenyewe. Kitengo cha Southern kilitengeneza karatasi ngumu za kadibodi. Thompson kilinunua karatasi hizo, kikazigeuza kuwa maboksi na kuyachapa rangi. Northern nacho kilihitaji maboksi ya kupangia bidhaa zake madukani ili zivutie macho ya wateja, na wataalamu wa Thompson ndio waliomsaidia kuyabuni.

Ulipofika wakati wa kununua, meneja wa Northern aliomba bei sehemu tatu. Ndugu zake wa Thompson walitaka dola 480 kwa kila maboksi 1,000. Kampuni ya nje, West Paper, ilitaka dola 430. Nyingine ya nje, Eire Papers, ilitaka 432. Makao makuu yalikuwa yamemruhusu anunue popote penye nafuu. Sasa kwa nini aongeze dola 50 kwa sababu ya undugu?

Kwa vitabu vyake, hana kosa. Lakini tufungue vitabu vya wenzake.

Katika zile dola 480, Thompson angetoa mfukoni dola 400 na kubaki na 80 za kulipia gharama za jumla na kupata faida. Hata hizo 400 hazikuwa zake zote: asilimia 70, yaani dola 280, zilikwenda kununua karatasi. Na karatasi zilitoka kwa Southern, ndani ya kampuni ile ile. Southern naye, akiuza karatasi za dola 280, alitumia asilimia 60 tu kwa malighafi na gharama nyingine zinazopanda kadiri kazi inavyoongezeka. Hiyo ni dola 168.

Tukiunganisha, fedha iliyotoka nje ya Birch kutengeneza maboksi 1,000 ni dola 120 za Thompson na 168 za Southern, jumla 288. Dola 192 zilizobaki kwenye ile bei ya 480 zilikuwa zinahama tu kutoka mfuko mmoja wa kampuni kwenda mwingine. Northern akinunua West Paper, dola 430 zinatoka na hazirudi.

Chukua oda ya maboksi 10,000. Northern ataandika kwamba ameokoa dola 500, na pengine atapongezwa mwisho wa mwaka. Thompson atakosa dola 800 alizokuwa azibakize, na Southern atakosa 1,120. Kampuni nzima imepoteza dola 1,420, na hakuna kitabu cha kitengo chochote kinachoonyesha hasara hiyo mahali pamoja.

Hesabu hii, hata hivyo, imesimama juu ya sharti moja: mashine ziwe na nafasi. Katika kisa cha Birch, Southern alikuwa akizalisha chini ya uwezo wake na ghalani kulikuwa na mali isiyouzwa. Mshahara wa meneja, uchakavu wa mitambo na ulinzi wa kiwanda vilikuwa vinalipwa kazi iwepo isiwepo. Oda ya ziada haiviongezi. Ni kama daladala inayoondoka na viti vitupu: abiria mmoja zaidi hamgharimu mwenye gari karibu chochote, lakini gari likijaa, kumpakia huyu ni kumwacha yule kituoni.

Basi tulijaze gari. Tuseme soko la karatasi limechangamka na Southern anauza kila tani anayotoa kwa bei ya soko. Karatasi atakayompa Thompson sasa ni karatasi aliyomnyima mteja wa nje ambaye angelipa dola 280. Gharama yake halisi kwa kampuni si 168 tena, ni 280: zile 168 za mfukoni pamoja na 112 za mchango ulioachwa. Boksi la ndani linagharimu 120 na 280, yaani 400. Bado ni nafuu kuliko 430, lakini faida ya kununua nyumbani imeshuka kutoka dola 142 hadi 30.

Sasa jaza na mashine za Thompson, kiasi kwamba ili amhudumie Northern lazima akatae mteja wa nje mwenye kazi ya ukubwa ule ule, ambaye angemwachia dola 80 kwa maboksi 1,000. Gharama kwa kampuni inafika 400 na 80, yaani 480. Hapo bei ya West Paper inakuwa zawadi. Northern aende nje, Thompson awahudumie wateja wake, na Birch inanufaika kwa dola 50 kwa kila maboksi 1,000. Bei ni zile zile na boksi ni lile lile, lakini jibu limepinduka kwa sababu ya kilichokuwa kikiendelea kwenye mashine.

Kanuni inayotoka hapa haihitaji kikokotoo. Bei ya chini ambayo kitengo kinachouza kinapaswa kuikubali ni fedha inayotoka mfukoni kwa ajili ya oda hiyo, kuongeza mchango kinaoukosa kwa kuipokea. Mashine zikiwa na nafasi, hicho cha pili ni sifuri. Bei ya juu kwa mnunuzi ni ile anayoweza kupata nje. Sakafu ikiwa chini ya dari, biashara ifanyike ndani. Sakafu ikipita dari, mnunuzi atoke, na asilaumiwe.

Watu wengi hudhani kazi kubwa ni kutafuta bei ya haki kati ya sakafu na dari. Ukweli ni kwamba kwa faida ya kampuni haijalishi. Thompson akiuza kwa 405 au 428, Birch inapata kile kile, kwa kuwa kinachobadilika ni mgawanyo kati ya vitengo viwili. Faida inaletwa na uamuzi wa kutengeneza au kununua. Bei inadhuru pale tu inapomsukuma meneja afanye uamuzi usiofaa.

Na inaweza kumsukuma bila mtu yeyote kukosea hesabu. Tuseme West Paper wangetaka dola 350 badala ya 430. Thompson, hata akikubali kutopata senti ya faida, hawezi kushuka chini ya 400, maana ndizo anazotoa. Atakataa, na kwa macho yake amefanya sawa. Lakini Southern akiwa na nafasi, kampuni inatumia 288 tu, na imeacha dola 62 zipotee. Faida ya Southern imejificha ndani ya kile ambacho Thompson anakiita gharama. Kadiri bidhaa inavyopita vitengo vingi, ndivyo faida za namna hii zinavyorundikana hadi boksi la nyumbani linaonekana ghali kuliko lilivyo. Dawa ni Southern kushusha bei kwa oda hiyo, si kumbana Thompson peke yake.

Kuna mtego mwingine ambao mwandishi huyu anaupenda kuliko yote. Eire Papers, waliotaka 432, walikuwa wanunue karatasi za nje za boksi kutoka Southern kwa dola 90, na kazi ya kuchapa wampe Thompson kwa dola 30. Katika 90, Southern angebakiza 36. Katika 30, Thompson angetumia 25 na kubakiza 5. Kwa hiyo, vitengo hivyo vikiwa na nafasi, dola 41 zingerudi Birch na gharama halisi ya Eire ni 391. Bei iliyozidi ya West Paper kwa dola 2 ni nafuu kwa dola 39. Vitengo vikijaa, faida hiyo inayeyuka na West Paper anashinda tena.

Yote haya hayana uhusiano na kesi za kodi zinazoandikwa magazetini. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu bei za namna hii zinalenga kampuni zenye uhusiano zinazouziana kuvuka mipaka, ambapo bei inaweza kuhamisha faida kwenda nchi yenye kodi ndogo. Vitengo vya kampuni moja ndani ya nchi moja hulipa kodi kwa pamoja, na bei kati yao hufutika kwenye hesabu za mwisho.

Swali gumu kiwandani ni jingine: nani anasema kweli kuhusu nafasi? Meneja anayeuza ana kila sababu ya kudai amejaa, maana akijaa bei inapanda. Mhasibu makini haulizi, anatazama. Kuna oda zilizokataliwa kwa maandishi mwezi huu? Wateja wanasubiri wiki ngapi? Ovataimu inalipwa? Ghalani roli za karatasi zinapungua au zinajaa vumbi? Tena atazame mashine moja moja, kwani kiwanda kinaweza kuonekana kimelala huku mtambo wa kuchapa ukikesha, na mtambo huo ndio unaoamua.

Mara nyingi jibu linakuwa katikati. Thompson anaweza kuwa na nafasi ya maboksi 6,000 kati ya 10,000. Kwa 6,000 za kwanza hajapoteza mteja yeyote, na kwa 4,000 za mwisho lazima amwondoe mtu. Dhidi ya bei ya nje ya 430, la busara ni kutengeneza 6,000 ndani na kununua 4,000 nje. Bei moja kwa oda nzima ingewapoteza wote wawili.

Hata sakafu yenyewe ina mipaka. Ni ya oda ya leo, si mpango wa miaka 5. Kitengo kinachouza kwa gharama za mfukoni mwaka baada ya mwaka hakitaonyesha fedha ya kununua mtambo mpya, na meneja wake atapoteza hamu ya kuwahudumia ndugu. Baadhi ya kampuni hutatua hili kwa kumtoza mnunuzi gharama za mfukoni kwa kila kipande, pamoja na ada maalumu kila mwaka ya kuchangia mitambo. Nyingine huandika bei mbili, moja kwenye vitabu vya muuzaji na nyingine kwa mnunuzi, kisha makao makuu yanabeba tofauti.

Huko Birch kulikuwa na njia ya mkato: makao makuu yatoe amri Northern anunue kwa Thompson. Oda ile ilikuwa chini ya asilimia 5 ya kazi ya kitengo chochote kilichohusika, na wapo wanaoweza kusema ni bora kuvumilia hasara ndogo kuliko kuwaambia mameneja kwamba uhuru wao ni wa jina tu. Wana hoja, ila ya nusu. Amri haikuhitajika, ilitosha kuweka namba ya 288 mezani mbele ya mameneja wote watatu, na kumtaka Southern aseme ana roli ngapi ghalani.