Istilahi za Kuomba Hati ya Bei

Mtu wa Wete, Pemba, anapotaka kumwagizia fundi seremala wa Mombasa milango, huwa wote wawili wanasema Kiswahili. Hata hivyo huweza wakaandikiana wasielewane. Makala haya yanaeleza maneno manne yanayostahili kuangaliwa.

Kwanza ni jina la waraka wenyewe. Makadirio ni hesabu ya kukisia, na fundi hafungwi nayo. Ankara ni dai la malipo. Kinachoombwa hapa ni hati ya bei, yaani maandishi ambayo kwayo fundi anataja bei na kuahidi kuishika kwa muda maalumu. Usemi "nukuu ya bei" umeenea maofisini, lakini kunukuu katika lugha yetu ni kunakili maneno yaliyokwisha kusemwa, na fundi bado hajasema neno.

Pili ni shilingi. Ya Kenya na ya Tanzania zina jina moja, na thamani zake ni mbalimbali sana. Jina la nchi lisiachwe.

Tatu ni kitenzi cha safari. Fundi akiandika "nitapeleka tarehe 10," huenda akakusudia siku ya kupakia chomboni Mombasa, ilhali mwagizaji ameisoma kuwa siku ya kupokea. Kitenzi kisicho na utata ni kufikisha, pamoja na jina la bandari.

Nne ni mwezi. Katika pwani yetu miezi huhesabiwa pia kwa mifungo: Mfungo Mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani. Basi "tarehe 10 mwezi wa tatu" kwa mmoja ni Machi, na mwingine huweza kuidhania Mfungo Tatu, ambapo siku hiyo ni Idi ya kuchinja. Jina la mwezi na mwaka viandikwe kwa ukamilifu.

Tuchukue mfano wa barua:

"Ndugu Fundi, baada ya salamu, naomba hati ya bei ya vitu vifuatavyo:
1. Milango ya mvule 6, kila mmoja upana sentimita 90, urefu sentimita 210, unene sentimita 4, bila fremu.
2. Bawaba za shaba 18, tatu kwa kila mlango.
3. Vitasa 6, pamoja na funguo zake.
Tafadhali taja bei ya kila kimoja na jumla kwa shilingi za Tanzania, nauli ikiwa mbali. Vitu vyote vifikishwe bandari ya Wete kabla ya tarehe 10 Machi 2027. Eleza pia bei hiyo itadumu hadi lini."

Maneno "bila fremu" yasidharauliwe. Yakikosekana, fundi mmoja atahesabu fremu na mwingine ataiacha, na bei zao hazitalinganishika. Vilevile bawaba zihesabiwe moja moja. Neno "jozi" kwa mwuzaji ni mbili, na mlango wa bawaba tatu hauhesabiki kwa jozi.